Mwezi Huu Sitatuma

Wiki hii jirani yangu hapa Tanga aliniletea barua ya mwanawe, muuza duka kule Maskati, nimsomee kwa kuwa miwani yake imevunjika. Baada ya shikamoo na kuulizia goti la baba, kijana anasema wazi: mwezi huu hatatuma. Kati ya riyali 120 za mshahara, 70 zimekwenda kwa daktari wa meno. Zilizobaki ni pango na chakula. Mwezi ujao atatuma kama kawaida, ila pengo hili hataweza kulifidia, wasilihesabu. Dawa za presha za baba zitoke kwenye akiba ya kikoba, na mama, tafadhali, asiguse mkopo wa kausha damu. Mfuko mtupu una maneno yake. Simu iliyozimwa haina. Wengine hujitoa aibu kwa kuahidi kutuma mara mbili mwezi ujao, na kwangu hilo ni baya kuliko kutotuma, maana mzazi huikopea ahadi. Jirani alinitaka nirudie habari ya jino, kisha akauliza kama huko Uarabuni hawana karafuu.