Bonane Ifuate Saa ya Lubumbashi

Ndugu zetu wanaoishi Kanada huanza kuandaa Bonane kwa kununua vitu: taa za kuwaka na kuzima, kitambaa cha meza, sahani mpya. Kisha wanalalamika kwamba sikukuu haikunoga. Mimi naona wanaanzia pabaya. Kwanza wabadilishe saa.

Nichukue mfano wa familia ya yaya yangu, watu watano walio Montreal, katika nyumba inayoitwa kule «tatu na nusu»: sebule, jiko, chumba kimoja cha kulala, na ile nusu ni bafu. Miaka miwili walingoja saa 6 ya usiku ya Montreal. Watoto walilala kwenye kiti, na wimbo wa kwanza ulipopigwa jirani wa chini aligonga dari lake. Simu ya Lubumbashi haikuitika, kwa kuwa kwetu ilikuwa saa 1 asubuhi na waliokesha walikuwa wamelala.

Lakini wakati wa baridi Lubumbashi iko mbele ya Montreal kwa saa 7. Saa yetu 6 ya usiku ni saa 11 ya jioni kwao. Mwishoni mwa mwezi wa 12 jua la Montreal huzama kabla ya saa 10 na nusu, kwa hiyo nje giza limeshaingia, kama usiku wa sikukuu unavyotakiwa kuwa. Watoto wako macho, na hakuna jirani anayelala saa hiyo. Tangu yaya alipoanza kusherehekea saa 11 jioni, wao na sisi tunaingia mwaka mpya pamoja. Kambo anapigiwa saa moja kabla, maana usiku wa manane mtandao wetu hujaa na umeme unaweza kukatika.

Saa ikishabadilika, chakula nacho hubadilika. Sombe kule huuzwa ikiwa imetwangwa na kugandishwa. Ni lazima ichemshwe muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ili sumu ya majani ya muhogo itoke. Katika nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi, mvuke wote huo huganda kwenye vioo na kutiririka ukutani. Ukiona madirisha yanatoa machozi, ujue ukungu utafuata. Yaya anapika sombe siku mbili mbele, dirisha la jiko likiwa wazi kidogo, kisha anaiweka kwenye friji. Makayabo analoweka usiku kucha. Siku yenyewe anapasha moto tu, na bukari inasongwa ya mwisho wageni wakiwa wameshakaa. Makoti yao yanafungiwa chumbani yasishike harufu ya samaki, na viatu vyenye theluji vinawekwa ndani ya beseni kubwa la bafu.

Kitu kimoja kisijaribiwe: mbabula. Wako wanaosema nyama bila makala si nyama ya Bonane. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakidhani ni usingizi. Nyama iokwe katika tanuri la umeme, hata kama ladha itapungua.

Sisi wa lugha tuangalie jambo lingine. Kwetu mtoto huenda nyumba kwa nyumba akisema «Bonane!» na kupewa kitu kidogo. Kule hawezi kugonga kwa majirani wasiojua desturi hiyo. Yaya amegeuza milango ya ndani kuwa nyumba: mama mkubwa yuko chumbani, rafiki wa baba yuko jikoni. Mtoto anagonga, anasema «Hodi», anangoja «Karibu», anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, ndipo anapewa pipi. Akijibu Kifaransa, mlango haufunguliwi. Watoto ambao siku zote hujibu wazazi wao kwa Kifaransa hapo wanasema Kiswahili bila kusukumwa, kwa sababu maneno hayo yana kazi ya kufanya.

Wengine watanipinga: watoto wanakua Kanada, wafuate saa ya Kanada. Sikatai. Sherehe ya saa 11 inakwisha saa 3 usiku, na kijana anayetaka kuhesabu sekunde na wenzake wa shule bado ana muda. Tena, saa ya Lubumbashi haitibu kila kitu: asubuhi ya tarehe 1 kwetu ni usiku mkubwa kwao, na salamu za asubuhi zitabaki kuwa sauti zilizorekodiwa. Lakini kati ya taa mpya na saa 11 jioni, ningechagua saa. Haigharimu kitu, na kambo yuko upande wa pili wa simu, akiwa macho.