Mama Asiyevuta Tumbako na Kifua Kilichoziba

Mtu akikohoa miaka mingi sisi humwuliza kwanza, "Je, unavuta tumbako?" Akijibu kwamba hajavuta hata siku moja, wengi wetu huandika neno "pumu" katika karatasi yake, tunampa vidonge, naye anarudi nyumbani. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Leo nasema kwamba swali lile halitoshi. Kwa mama wa milima yetu ya Kivu imetupasa kuuliza swali la pili: "Jiko lako liko wapi, na moshi wake unatokea wapi?"

Angalieni habari ya mama mmoja aliyekuja kwetu. Umri wake ni miaka 52. Alianza kukaa penye mafiga akiwa na miaka 8, akimsaidia mama yake kupika sombe na maharagi. Na kwa sababu usiku wa milimani ni baridi, moto ule haukuzimwa baada ya chakula. Watu walilala karibu nao, mlango umefungwa. Sasa anakohoa kila asubuhi na kutoa makohozi. Akipanda kutoka mtoni na ndoo ya maji, husimama mara tatu njiani. Majirani walisema amelogwa. Makohozi yake yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana.

Tulimpima kwa spirometa. Hiki ni chombo kinachopima pumzi: ni nyingi kadiri gani, tena inatoka upesi kadiri gani. Mgonjwa anaketi wima, pua yake inabanwa, anavuta pumzi hata kifua kijae kabisa. Halafu anafunga midomo sawasawa kuzunguka mrija na kupuliza kwa nguvu zote kwa ghafula, naye haachi mpaka pumzi imekwisha, yapata sekunde 6 au zaidi. Anafanya hivyo mara tatu au zaidi, na mara mbili zilizo bora zinapaswa kukaribiana.

Chombo kinatupa hesabu mbili. Ya kwanza ni pumzi yote iliyotoka. Ya pili ni pumzi iliyotoka katika sekunde ya kwanza tu. Fikirini vibuyu viwili vyenye maji sawa, kimoja kina shingo pana na kingine shingo nyembamba. Ukivipindua, maji ni yale yale, lakini cha shingo nyembamba kinakawia kumwagika. Ndivyo ilivyo kwa kifua kilichoziba.

Mama yule alitoa lita 2,2 kwa jumla, lakini katika sekunde ya kwanza alitoa lita 1,2 tu. Tukampa salbutamoli ya kuvuta kwa kinywa, mikrogramu 400, tukangoja dakika 15, akapuliza tena. Sasa jumla ilikuwa lita 2,3, na sekunde ya kwanza lita 1,3. Gawanyeni 1,3 kwa 2,3: mnapata kama sehemu 57 katika 100. Kipimo tunachokifuata ni sehemu 70. Kama baada ya dawa mtu hafiki 70, njia zake za hewa zimezibika. Tena dawa ilimwongezea lita 0,1 tu. Mwenye pumu mara nyingi hufunguka sana baada ya dawa, lakini mama huyu alifunguka kidogo mno. Kuzibika kwake ni kwa kudumu.

Imekuwaje? Moshi wa kuni una vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho. Vumbi kubwa linashikwa puani na kooni, lakini hili jembamba linashuka mpaka vijia vidogo vya mapafu. Huko linachokoza nyama ya ndani kila siku: inavimba, inatoa makamasi mengi, na baada ya miaka inafanya makovu. Ukuta wa kijia unanenepa, tundu linapungua. Mvutaji wa tumbako mara nyingi huharibika zaidi vifuko vya hewa vyenyewe. Kwa mama wa jikoni mara nyingi ni vijia hivi vinavyoumia zaidi. Lakini wote wawili wanahema namna moja wakipanda mlima.

Sasa sikilizeni onyo. Chombo hakisemi ni nini kilichoziba njia. Kifua kikuu cha zamani kilichopona kinaweza kuacha makovu yenye kuziba vilevile. Kwa hiyo hesabu haitoshi bila kuuliza habari ya maisha ya mgonjwa. Tena, mgonjwa akiacha kupuliza mapema, jumla inakuwa ndogo kuliko kweli, na hesabu ya kugawanya inapanda: ugonjwa unafichwa. Mwuguzi asiyesimama karibu na kusema, "Endelea, endelea, Mama, bado!" atamrudisha nyumbani mgonjwa akidhani ni mzima. Na mwenye kutiliwa mashaka ya kifua kikuu asipulize kabla makohozi hayajapimwa, maana atawahatarisha wengine.

Mama yule aliniuliza, "Munganga, nikitoka katika moshi nitapona?" Sikumdanganya. Makovu hayaondoki. Dawa ya kuvuta inampunguzia kuhema, na kutoka katika moshi kunalinda kile kilichobaki. Mumewe alikuwapo, akasema, "Basi tutanunua makala." Nikamwambia, "Baba, makala yana moshi kidogo, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inaweza kuwaua wote usiku mmoja."

Wako wanaosema, "Nunueni jiko jipya, mambo yamekwisha." Mimi sikubali upesi hivyo. Huko Guatemala wanawake walipewa majiko yenye bomba la moshi. Milio ya kifua ilipungua, lakini katika muda ule mfupi wa kuwafuata, vipimo vya pumzi havikuonyesha tofauti ya hakika. Huko Xuanwei, nchini China, habari iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba nyumba zilizotiwa bomba zilipungukiwa na ugonjwa huu, lakini faida ilionekana wazi baada ya miaka kama 10. Maana yake ni kwamba bomba analotiwa bibi leo linamsaidia kidogo, lakini msichana wa miaka 8 aketiye karibu naye linamsaidia sana.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Sisi wa hospitali tupime kila mama mwenye kukohoa na kuhema siku nyingi, asiwe ni mvutaji tu anayepimwa. Nanyi waume, mnaojenga nyumba, jengeni jiko mbali na mahali pa kulala, lenye uwazi juu ya mafiga na mwingine upande wa pili, ili moshi usukumwe nje. Kuni zikauke kabla ya kuwashwa, maana kuni mbichi zinafuka sana. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni mama akichochea moto.

Mama yule alirudi baada ya miezi mitatu. Hesabu za pumzi zilikuwa karibu zile zile. Lakini mumewe alikuwa amejenga kibanda cha kupikia nje chenye manjanja na kuta mbili tu, na yule mjukuu aliyekuwa akiwasha moto kila alfajiri, sasa hawashi tena ndani ya nyumba.