Katazo Lisilomkataza Mtu

Fungua kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi la stripu za kupimia sukari ya damu, soma upande wa Kiswahili, kisha uniambie ni nani aliyekatazwa nini. Utakutana na sentensi ya namna hii: "Viwango vya hematokriti vilivyo nje ya asilimia 20 hadi 60 vinaweza kuathiri matokeo." Mgonjwa hayumo. Muuguzi hayumo. Mganga mfawidhi wa kituo cha afya anasaini kupokea mzigo, mashine inakwenda wodini, na mtengenezaji amekwisha kujikinga. Mtoto aliyelala kitandani hajakingwa na yeyote.

Namtaja mtoto makusudi, kwa sababu malaria kali humpunguzia damu na sukari kwa wakati mmoja. Damu yenye chembe nyekundu chache huacha nafasi kubwa ya plazma kwenye stripu, na sukari inayopimwa imo katika plazma. Kwa hiyo mashine nyingi zisizojirekebisha huonyesha namba kubwa kuliko sukari halisi. Kosa hilo linaelekea upande mbaya kuliko yote: linaificha sukari iliyoshuka.

Chukua mtoto wa miaka miwili, kilo 10, amelegea, himoglobini yake 4. Mashine inaandika milimoli 3.4 kwa lita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria kali hutibiwa sukari ikiwa chini ya 3, kwa glukosi ya asilimia 10 mshipani, mililita 5 kwa kila kilo. Huyu angepata mililita 50. Hapati kitu, maana 3.4 imevuka mstari. Lakini himoglobini 4 ni sawa na hematokriti ya asilimia 12 hivi, mbali kabisa na mpaka wa mashine. Namba ile haikustahili hata kuandikwa kwenye faili!

Muuguzi angejuaje? Vituo vingi vidogo havipimi hematokriti, vinapima himoglobini. Ukizidisha himoglobini kwa tatu unapata makadirio ya hematokriti, kwa hiyo asilimia 20 inaangukia karibu na himoglobini 7. Sentensi iliyopaswa kuchapwa ni hii: "Usitumie mashine hii kwa mgonjwa mwenye hematokriti chini ya asilimia 20 (himoglobini chini ya 7 hivi). Namba itakayotoka inaweza kuwa kubwa kuliko sukari yake halisi." Mhudumu wa zamu ya usiku anaielewa akiwa amesimama.

Najua utetezi wa wafasiri: maneno ni ya mtengenezaji, hatuna ruhusa ya kuongeza. Ni kweli, na wala mfasiri asibuni. Zipo mashine zinazojirekebisha, na mipaka hutofautiana, kwa hiyo kukisia nako ni hatari. Basi aulize! Kabla ya kuchapa, amwandikie mtengenezaji: hili ni katazo au ni tahadhari? Namba hupanda au hushuka? Mnaidhinisha kutaja himoglobini? Anayepokea malipo ya kufasiri maelekezo ya kifaa cha tiba bila kuuliza maswali hayo amefanya nusu ya kazi.

Ubaya mwingine ni kulilegeza katazo. Kikaratasi cha asili kinasema kifaa kisitumike kwa damu ya kidole cha mgonjwa aliye katika mshtuko wa mzunguko wa damu, kwa kuwa damu ya vidoleni haiwakilishi tena ya mwilini. Kiswahili kinakuja na "haishauriwi". Wodini neno hilo husomwa "fanya ukikosa njia nyingine", na kituoni njia nyingine haipo karibu kila siku.

Wakubwa hutulizwa kwa tafsiri ya kurudisha: mtu wa pili anarejesha Kiswahili kwenye lugha ya asili, maneno yanalingana, muhuri unagongwa. Lakini sentensi butu hurudi ikiwa butu vilevile, na inafaulu. Mpe muuguzi kikaratasi, msimulie mtoto wa himoglobini 4, umuulize: utampima kwa mashine hii? Akijibu ndiyo, tafsiri imeanguka, hata kama kila neno lina mwenzake.

Na mganga mfawidhi asingoje kikaratasi kipya. Hatua ya tiba si ya mfasiri kuiandika, ni yake yeye. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unaagiza kwamba pale sukari isipoweza kupimwa, mtoto aliyepoteza fahamu au mwenye degedege apewe glukosi. Kwa mashine yenye mpaka wa hematokriti wa asilimia 20, mwenye himoglobini chini ya 7 hajapimwa. Aandike hivyo kwa kalamu nene, asaini, abandike kwenye mkoba wa mashine leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.