Namba ya simu si farmasi: tuangalie vizuri dawa za WhatsApp

Leo tunaongea juu ya dawa zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Tunaona matangazo yanazidi kuingia, kwetu huku Makebuko na kwa wenzetu walio Kinama, Gasorwe, kule Muyinga. Picha ya boksi, bei, namba ya simu, basi. Unatuma pesa kwa Lumicash, dawa inakuja na dereva wa moto.

Sisi hatusemi kununua kwa simu ni dhambi. Tunasema hivi: muuzaji wa dawa wa kweli anaweza kupatikana kesho yake, na anakuuliza maswali kabla ya kupokea pesa yako. Asiyekuwa na mambo hayo mawili tumwache, hata akiwa na bei nzuri namna gani.

Tuanze na jambo lililotokea karibu na kwetu, Ituri, Kongo ya Mashariki. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 mpaka katikati ya 2015, watu walianza kufika vituo vya afya shingo imejipinda, macho yamegeuka juu, ulimi unatoka nje, uso unakaza wenyewe. Walikuwa zaidi ya 1,000, na watoto wadogo walikuwa wengi kati yao. Mwanzoni waganga walifikiri ni homa ya uti wa mgongo. Wengine mitaani wakasema ni mapepo. Kumbe ilikuwa kidonge.

Watu walikuwa wamepewa vidonge vya diazepamu, ile tunayoiita valiamu. Vilipopelekwa kupimwa maabara, ndani hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa kali ya kutibu magonjwa ya akili, na kwa mtoto mdogo kidonge kimoja kilikuwa kingi mno. Mwezi wa saba 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tangazo la hatari kwa nchi zote za eneo hili.

Tuangalie vizuri mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, macho hayakusaidia. Kopo liliandikwa diazepamu, na kidonge kilionekana kama kidonge. Hata muuguzi mwenye kazi yake ya miaka mingi asingeweza kuona kosa kwa kukiangalia tu. Kwa hiyo yule anayekwambia kwenye kundi "angalia picha, ni orijino hii" hajakwambia kitu. Picha ya boksi anaweza kuipiga mtu yeyote, au kuichukua mahali pengine kwenye mtandao.

La pili, dawa ile mbaya haikupita kwa mtandao, ilipita hata mahali pa kawaida pa kutibiwa. Mtu atatuuliza: basi farmasi nayo ina faida gani? Faida yake ni kwamba njia ya dawa iliweza kufuatwa kurudi nyuma. Mgonjwa alisema dawa nimepewa pale, pale wakaonyesha kopo, kopo likaenda maabara, na watu wakaambiwa waache kuitumia. Kama ingekuwa ni namba ya simu tu, mtu angezima laini, akanunua nyingine, na vidonge vingeendelea kuliwa.

Sasa tuchukue tangazo moja. Tumelitunga sisi wenyewe, lakini linafanana na yale mnayoyaona kila wiki: "Dawa ya malaria ya watu wazima na watoto, boksi zima, bei nusu ya farmasi. Hakuna kupanga foleni, hakuna ordonansi. Tuma pesa kwanza, unaletewa leo." Tulipime pole pole.

Tuulize kwanza: wewe ni nani, na uko wapi? Farmasi ina jina, ina mlango, ina mtu mwenye masomo ya dawa anayeiwajibikia, na ina ruhusa. Hapa Burundi mambo ya dawa na farmasi yanasimamiwa na ABREMA. Mwambie muuzaji akupe jina la farmasi na mahali ilipo, halafu wewe mwenyewe, au ndugu anayekwenda Gitega mjini au Muyinga mjini, apite aulize kama hiyo farmasi ipo kweli na kama hiyo namba ni yao. Mtu wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Anayesema "kama huniamini achana nami" amekupa jibu tayari.

Pili, amekuuliza nini? Angalia tangazo letu: hakuna aliyeuliza mgonjwa ana miaka mingapi, ana kilo ngapi, amepimwa au la, ana mimba au la, anakunywa dawa gani nyingine. Ameuliza pesa tu. Kenya liko duka la dawa la mtandaoni linaloitwa MYDAWA, lilianza 2017 kwa leseni ya bodi ya serikali inayosimamia famasia. Pale dawa inayohitaji karatasi ya daktari huipati mpaka uonyeshe karatasi yako. Mnaona tofauti? Wote wawili wanauza kwa simu. Lakini mmoja anataka ordonansi, na mwingine anajisifu kwamba haitaki. Hilo neno "hakuna ordonansi" watu wanaliona kama huduma nzuri. Sisi tunaliona kama alama ya kumtambua mwizi.

Tatu, dawa ikifika mkononi, kabla ya kumeza, linganisha boksi na plaketi, kile kibao chenye vidonge. Jina la dawa liwe moja pande zote mbili, nguvu yake kwa miligramu iwe moja, namba ya toleo iwe moja, na tarehe ya kuisha iwe moja. Kama boksi linasema mwaka mmoja na plaketi mwaka mwingine, au tarehe imekwanguliwa, au vidonge vimekuja vimefungwa ndani ya karatasi ya daftari, usimeze. Ila tukumbuke Ituri: boksi lenye makosa linakuonyesha dawa mbaya, lakini boksi lisilo na makosa halikuhakikishii dawa nzuri. Ndiyo maana tumeanza na muuzaji, boksi tumeliweka nyuma.

Sasa tufike kwa ordonansi yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi wanabisha. Wanasema, "Malaria tunaijua, tumeumwa tangu utoto, karatasi ya nini?" Tujibu kwa mfano wa dawa hiyo hiyo ya tangazo, ile ya artemeta na lumefantrini, ambayo wengi wanaiita koartemu.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Mtu mzima, kuanzia kilo 35, anakunywa vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3, jumla 24. Mtoto wa kilo 12 anakunywa kidonge 1 kwa mara moja, mara 6 vile vile, jumla 6. Mara ya pili ni baada ya saa 8, halafu inakuwa asubuhi na jioni, na inafaa kunywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili mwili uipokee vizuri.

Sasa mama amenunua boksi la vidonge 24 kwa WhatsApp. Nyumbani wako watatu wenye homa: baba, binti wa kilo 20, na huyu mtoto wa kilo 12. Baba anahitaji 24, binti anahitaji 12, kwa sababu kilo 20 ni vidonge 2 kwa mara moja, na mdogo 6. Jumla 42. Boksi lina 24. Mama atafanya nini? Atagawa. Kila mtu atapata kidogo, homa itashuka siku mbili, wote watasema dawa imefanya kazi, halafu itarudi, na vimelea vilivyobaki ndivyo vilivyoizoea dawa. Na kama yule mdogo hakuwa na malaria tokea mwanzo, alikuwa na ugonjwa wa mapafu, hizo siku mbili za kungoja ndizo zinazoua.

Basi ordonansi si karatasi ya kutunyanyasa. Ni karatasi inayobeba majibu: kipimo cha damu kimesema nini, mgonjwa ana kilo ngapi, dawa gani, kiasi gani, siku ngapi. Muuzaji anayeisoma anaweza hata kugundua kosa la aliyeiandika. Muuzaji asiyeitaka anauza bila kujua anamuuzia nani.

Tunajua mnachotaka kusema. Mara nyingine kituo cha afya hakina dawa. Foleni ni ndefu. Na yako magonjwa ambayo kijana anaona haya kuyasema mbele za watu, ndiyo maana anakimbilia simu usiku. Hayo ni ya kweli, na wanaotupangia huduma wanatakiwa wayasikie. Lakini dawa ikikosekana, kupimwa bado kunawezekana. Mwambie muuguzi: "Nisaidie uniandikie ordonansi, na uandike jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni tu." Kwa karatasi hiyo unaweza kuita farmasi unayoijua ilipo, ukatuma picha yake kwa WhatsApp, ukauliza kama dawa ipo na bei yake ngapi, ndipo ukatoa nauli. Huko nako ni kutumia simu. Tofauti ni kwamba unajua mlango wa kugonga kama kuna shida. Na mwenye ugonjwa wa kuonea haya aombe kuongea na muuguzi faraghani, ni haki yake.

Na kama umekwisha kununua na una wasiwasi, usitupe, na usimpe jirani. Weka boksi, plaketi na vidonge vilivyobaki pamoja, hifadhi ule ujumbe wa simu na namba iliyopokea pesa, peleka vyote kituo cha afya. Kule Ituri jibu lilitoka ndani ya vidonge vyenyewe, kwa sababu vilipatikana vikapimwa. Mtu akishakunywa na akaanza kukaza shingo, kupindisha uso, kuvimba midomo au kupumua kwa shida, msingoje asubuhi. Mbebeni pamoja na boksi lake.

Kwa wasimamizi wa makundi yetu tuna ombi moja. Tangazo la dawa lisilo na jina la farmasi na mahali ilipo lifutwe siku hiyo hiyo, hata kama aliyeliweka ni rafiki yetu. Simu za viatu na nguo ziendelee, hakuna anayekufa kwa kiatu kisichomtosha.