Usimpe mkusanya madeni hata shilingi kabla ya karatasi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Matwebe, Rungwe, alinipigia simu akiwa na hofu. Kijana wa kampuni ya kukusanya madeni alifika kwake asubuhi, akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akamwambia anadaiwa Sh810,000. Ni mkopo wa mwaka 2022 aliouchukua kuongezea mtaji wa biashara ya ndizi. Kijana akasema, "Mama, nipe hata elfu hamsini leo, mengine tutaongea."

Mama alikuwa na hiyo elfu hamsini, ada ya mtoto. Nilimwambia asitoe kwanza.

Sababu ni hii. Fedha ikitolewa bila maandishi, mkopeshaji anaweza kuihesabu kuwa faini, na deni lenyewe likabaki palepale. Pia, kisheria mkopo wa mkataba hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ukilipa kidogo, au ukisaini karatasi ya kukiri deni kabla muda huo haujaisha, miaka 6 inaanza kuhesabiwa upya. Deni la huyu mama lilikuwa bado ndani ya muda, kwa hiyo kulikwepa haikuwa njia. Njia ilikuwa kulimaliza.

Alimjibu kijana kwa upole: "Sikatai kuzungumza baba, ila niletee barua ya mkopeshaji inayoonyesha amekutuma, na mchanganuo wa deni." Kijana akatishia kubeba kochi na televisheni. Mama hakuwa ameweka vitu hivyo dhamana, na asiye na amri ya mahakama hana ruhusa ya kuvibeba. Kushindwa kulipa mkopo peke yake si kosa la jinai pia, kwa hiyo maneno ya "utalala polisi" yasikutoe jasho.

Mchanganuo ulikuja baada ya siku nne. Mama alikopa Sh600,000, na pamoja na riba alitakiwa kurejesha Sh720,000 kwa miezi sita, yaani Sh120,000 kila mwezi. Karatasi ilisema amelipa marejesho mawili, amebakiza Sh480,000. Juu yake kulikuwa na faini Sh250,000 na "gharama za ufuatiliaji" Sh80,000.

Tulikaa na simu yake ya zamani. Ujumbe wa malipo ulionyesha marejesho matatu, si mawili. Deni likashuka hadi Sh360,000. Kwenye mkataba faini ilikuwamo, lakini gharama za ufuatiliaji hazikuandikwa popote. Kama ujumbe umefutika, omba mtandao wako wa simu au wakala wa benki akusaidie kupata taarifa za miamala.

Sasa akawa na la kusema. Mkusanyaji mara nyingi hulipwa asilimia ya anachokusanya, hivyo hupenda fedha ya haraka. Ila mwenye uwezo wa kufuta faini ni mkopeshaji, si yeye. Mama akaandika barua kwa mkopeshaji: atalipa Sh400,000, yaani deni lote lililobaki na Sh40,000 ya faini, kwa awamu mbili za Sh200,000. Alichagua kiasi anachoweza kukipata kwa ndizi na majani ya chai, bila kugusa ada. Ukiahidi usichoweza, makubaliano yatavunjika na faini zitarudi.

Walikubali kwa mdomo. Akakataa kulipa mpaka apate makubaliano yaliyosainiwa na mkopeshaji mwenyewe na kupigwa muhuri. Humo aliomba yaandikwe mambo haya: namba ya mkopo, kwamba Sh400,000 inamaliza deni lote na faini zote zimefutwa, tarehe za awamu mbili, akaunti ya mkopeshaji, si namba ya simu ya kijana, kwamba awamu ikichelewa atapewa siku 14, na kilicholipwa kitapunguza deni lenyewe, na kwamba ndani ya siku 30 baada ya awamu ya mwisho atapewa barua ya kumaliza deni, na taarifa zake kwenye kumbukumbu za mikopo zitarekebishwa. Mtendaji wa kijiji alishuhudia saini, na kila upande ulibaki na nakala.

Rasimu ya kwanza iliandika "mteja atalipa Sh400,000 kupunguza deni." Neno hilo moja, kupunguza, lingemwacha na salio. Alilirudisha, likaandikwa "kumaliza."

Awamu ya kwanza ameshalipa, na risiti ameipiga picha. Kama mkopeshaji wako anakataa kuandika, mpelekee malalamiko yako kwa maandishi. Akikaa kimya, wakopeshaji wenye leseni husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mbeya.