Kipokeo ndicho kinachosumbua

Mwandishi wa makala ameeleza vizuri tundu la silinda ya kitasa kwenye mlango wa chuma, ila kipokeo amekipita haraka. Tundu lenyewe la milimita 32 si kazi kubwa: piga punchi, toboa tundu dogo la mwongozo, kisha tumia msumeno wa tundu wa kukatia chuma, mwendo wa polepole na mafuta kidogo. Ukiona moshi na chembe hazitoki, umekimbiza drili na meno yameanza kuungua. Mlango wenye bati mbili, kila bati litobolewe kutoka upande wake.

Sasa kipokeo. Kwa mlango unaofunguka ndani, funga kitasa kwanza, ufunge mlango, halafu uchore kwa chaki kwenye fremu juu na chini ya kitasa. Shikiza kipokeo hapo kwa nukta mbili tu za welding, kitasa kikiwa kimetolewa (springi haipendi moto), kisha urudishe kitasa na ujaribu. Ukilazimika kusukuma mlango ndipo ulimi ushike, kipokeo kinaubana. Kisogeze upande wa chumbani milimita moja au mbili. Mlango ukicheza na kugonga, umezidisha.