Waya hufutwa vipande vipande

JICHO LA WIKI
Na Zuhura Makame

Siku hizi kila mwenye simu ni fundi picha, na kila fundi ana kitufe cha kufuta. Anapitisha kidole juu ya waya wa hedifoni, kuanzia sikioni hadi kifuani, mara moja tu. Waya unatoweka, na mwenye picha anarudishiwa shingo yenye mabakamabaka kama ukuta uliopakwa rangi kabla ya lipu kukauka. Lawama zote inabebeshwa simu. Mimi nasema ajilaumu mwenye kidole. Kufuta waya si kazi ngumu; ugumu uko pale waya unapovuka mpaka, yaani shavu linapoishia kwenye taya na shingo inapokutana na kola.

Chukua picha ya binti aliyekaa Forodhani, Zanzibar, jua la jioni likimpiga upande wa kulia. Waya mweupe unatoka sikio la kulia, unakatiza shavu, unavuka taya, unateremka shingoni na kuzama ndani ya kola ya shati la buluu iliyokoza. Huo si waya mmoja. Ni vipande vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

Programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, ina brashi mbili za kazi hii. Ya kwanza ni Heal. Unabonyeza Ctrl na kubofya sehemu safi ya ngozi, kisha unapaka juu ya waya. Brashi inachukua vinyweleo vya ile ngozi safi, halafu inalinganisha rangi na mwanga wake na vya pale unapopaka. Shavuni inafanya kazi vizuri sana, maana pande zote ni ngozi. Ukiisogeza karibu na kola, inalinganisha na shati pia, na ubuluu unavuja hadi shingoni. Ndiyo yale mabakamabaka. Mpakani tumia Clone, ambayo inanakili kile ulichoionyesha bila kukichanganya na kitu kingine. Unachukua mfano wa taya palepale, juu kidogo ya waya, na kuuteremsha ukifuata mstari wa taya.

Kabla ya yote, nakili picha kwa Duplicate Layer, ufanye kazi juu ya nakala. Brashi iwe pana kuliko waya kidogo tu, na mfano utoke jirani, penye mwanga uleule. Ukichukua ngozi ya paji la uso kufunika shingo, hata asiyejua kuhariri picha ataona pana kiraka.

Kuna kitu ambacho wengi hukisahau: kivuli. Jua la ubavuni linauchorea waya mstari mwembamba wa giza kando yake. Ukifuta waya na kuacha mstari huo, binti anaonekana ana kovu la shingo. Mkufu nao ni hivyohivyo. Cheni mbili zikisokotana juu ya mtulinga, ile unayoiondoa iondoke na kivuli chake, na ile inayobaki ibaki na chake.

Sikio, kwa maoni yangu, liache. Sikio ni mikunjo mitupu, na kuliumba upya ni kazi ya siku nzima. Wengine hunakili la upande wa pili na kuligeuza, lakini mwanga unakataa: jua lilikuwa kulia, na sikio la kushoto lilikuwa kivulini. Ondoa waya, kiache kile kidude cha sikioni. Hedifoni zisizo na waya zimejaa mitaani, hakuna atakayeuliza.

Kwa nywele, nina msimamo mkali zaidi. Unywele uliokatiza jicho au midomo uondolewe, kwa brashi nyembamba, bila kugusa kope wala ile nukta ya mwanga iliyo kwenye mboni, kwani nukta hiyo ikipotea jicho linakufa. Zile zinazochomoza kuzunguka kichwa zibaki. Ukizinyoa zote, kichwa kinaonekana kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya bahari.

Ukimaliza, geuza picha kushoto-kulia uitazame upya, macho yaliyozoea yaamke. Tafuta kipele kilichojirudia mara mbili. Hicho ndicho kinachomuumbua fundi wa Clone.

Uhuru huu, hata hivyo, ni wa picha za nyumbani. Katika picha za habari ni kosa. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimnyang'anya ushindi Stepan Rudik kwa kufuta ncha ya mguu wa mtu iliyojitokeza nyuma ya mkono. Kilikuwa kipande kidogo kuliko waya wetu, lakini waandaaji hawakujali udogo wake.

Kwa hiyo, fundi anayetoza hela kwa kazi hii nampima kwa swali moja tu: afungue picha, aikuze, anionyeshe pale shingo inapokutana na kola. Pakiwa pamevurugika, simlipi.